Waraka wa kurasa mbili ndani ya herufi 160

*Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Mufindi. Niliandaa waraka wa kurasa mbili kwa wazazi, lakini barua tunazowapa watoto nyingi hazifiki nyumbani, na kundi la WhatsApp lina wazazi wachache kwa sababu wengi wanatumia vitochi. Kamati ya shule ikashauri nitume ujumbe mfupi wa simu. Nimeufupisha, nikawatumia kwanza wajumbe wa kamati. Mmoja akauliza ni Jumamosi ipi, mwingine akauliza kama mahindi aje nayo siku hiyo hiyo, na mfumo wa kutuma ujumbe ukanikata ujumbe sita kwa kila mtu. Wazazi wako 310. Nimekuambatishia waraka na ujumbe wenyewe. Nikate nini tena?*

Mwalimu, pole na majukumu. Nimesoma vyote viwili, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiendelee kukata. Umeshakata vya kutosha, na baadhi ya ulivyokata ndivyo vilivyokuwa vinaushikilia waraka usimame. Weka ujumbe ule pembeni, urudi kwenye waraka wenyewe, uusome upya ukiwa na swali moja tu kichwani: katika haya yote, ni jambo gani mzazi asipolijua wiki hii litaharibika?

Waraka wako una shukrani kwa muhula uliopita, matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, hali ya vyoo, utoro, masweta ya sare kwa kuwa baridi inaanza, tarehe ya kufunga shule, pendekezo la chakula cha mchana, na mkutano wa wazazi. Kwenye karatasi mambo haya yanakaa pamoja bila shida, kwa sababu mzazi anaweza kurudi ukurasa wa kwanza akiwa wa pili, na kwa sababu waraka una kazi nyingine ya kubaki kwenye faili kama kumbukumbu ya shule. Ujumbe wa simu haubebi hayo. Unasomwa mara moja, mtu amesimama jikoni au anatoka kuchuma chai, kisha unafunikwa na matangazo ya mitandao ya simu. Kinachobaki kichwani ni tendo moja na siku yake.

Sasa pitia orodha yako kwa swali lile. Vyoo havimdai mzazi chochote wiki hii, na utoro ni mazungumzo ya mzazi mmoja mmoja. Matokeo ya mtoto hayatangazwi kwa watu 310. Sweta na tarehe ya kufunga vitakuwa na ujumbe wao siku zikikaribia. Chakula nacho bado ni pendekezo, hakijaamuliwa. Kinachobaki ni mkutano wa tarehe 17 Mei. Mzazi asipoujua hatakuja, na asipokuja hata pendekezo la chakula halina pa kwenda. Ujumbe wako ni wa mkutano huo, basi. Waraka mzima ubandike kwenye ubao wa matangazo, nakala moja mpelekee mtendaji wa kijiji, na usomwe kwa sauti siku ya mkutano.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la ule ujumbe wa kwanza. Kwenye waraka uliandika hivi:

"Imependekezwa kwamba kila mzazi achangie mahindi debe moja na maharage kilo tano kwa muhula ujao, pendekezo ambalo litawasilishwa katika mkutano wa wazazi utakaofanyika Jumamosi tarehe 17 Mei kuanzia saa tatu kamili asubuhi katika viwanja vya shule, ambapo wazazi wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa."

Kwenye simu sehemu hiyo ikawa hivi:

"Mkutano wa wazazi jumamosi saa 3. Kila mzazi debe 1 mahindi na kg 5 maharage. Kuhudhuria ni lazima."

Ukiyahesabu maneno utasema umefaulu. Lakini tazama yaliyoondoka. "Imependekezwa" limeondoka, na "litawasilishwa" limeondoka. "Mnaombwa" limegeuka "ni lazima". Mkononi mwa mzazi hili limeshakuwa tozo la shule ambalo mkutano haujalipitisha. Mjumbe wako wa kamati, ambaye alikaa kwenye kikao mlichojadili, bado ameuliza kama aje na mahindi. Mzazi ambaye hakuwepo atasema nini kijijini?

Hili lina uzito zaidi kwa shule ya serikali. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne inatolewa bila ada, na serikali imesisitiza mara nyingi kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Chakula cha mchana wazazi wanaweza kukubaliana wenyewe, na shule nyingi za nyanda hizi zinakula kwa utaratibu huo, lakini nguvu yake inatokana na makubaliano. Ujumbe unaotangaza mchango kabla ya makubaliano utafika kwa mtendaji wa kata kabla hujamaliza kunywa chai, nawe utakuwa unajieleza juu ya jambo ambalo waraka wako ulilieleza vizuri kabisa.

Kwa hiyo, unapofupisha, anza kwa kuyawekea mstari maneno yanayoonyesha jambo limefikia hatua gani: limependekezwa, limeamuliwa, ni ombi, ni hiari, ni kwa darasa fulani tu. Maneno haya ni mafupi, na kwenye sentensi ndefu yanaonekana kama mapambo, kwa hiyo ndiyo yanayofutwa kwanza na kalamu. Kama ujumbe hauna nafasi ya kuyabeba, basi jambo lenyewe liache nje mpaka siku yake. Usilipeleke limevuliwa.

Nimejaribu kukuandikia. Pale nilipoweka JINA, weka jina la shule yako:

S/M JINA: Ndugu mzazi, karibu kikao cha wazazi Jumamosi 17/5 saa 3 asubuhi shuleni. Tutajadili chakula cha mchana cha watoto. Siku hiyo hakuna mchango.

Zihesabu herufi, pamoja na nafasi na alama. Ni 151. Una nafasi ya herufi tisa zaidi kwa ajili ya jina la shule, yaani jina lenye herufi hadi 13 linaingia bila kuvuka 160. Likiwa refu kuliko hapo, toa neno "cha mchana", ujumbe bado utaeleweka.

Nieleze kwa nini kila kipande kipo. Jina la shule liko mbele kwa sababu mzazi hana namba yako kwenye simu yake, au mfumo unamwonyesha jina la mtumaji lisilozidi herufi 11 ambalo huenda halifanani na jina la shule. Kitochi kinaonyesha mistari michache ya mwanzo, na mzazi akikuta salamu ndefu kutoka kwa mtu asiyemjua anaufuta. Tena wapo wazazi wenye watoto shule mbili, mmoja msingi na mwingine sekondari. "Mwl Mkuu" nimelitoa mwishoni kwa sababu jina la shule limeshafanya kazi yake.

"Ndugu mzazi" inakula herufi 12 pamoja na mkato, na utashawishika kuitoa. Iache. Ujumbe wa shule usio na salamu hata ya neno moja unasomeka kama amri ya mgambo, na kwetu mtu mzima akiitwa hivyo anaweza kubaki nyumbani makusudi. "Karibu" nayo ni fupi kuliko "unatakiwa kuhudhuria" na ina heshima zaidi.

Siku nimeandika kwa namna mbili, Jumamosi na 17/5, kwa sababu kila moja inamwokoa mtu tofauti. Mzazi wa shambani anahesabu kwa siku za juma. Yule ambaye simu yake ilizimika kwa kukosa chaji, akaiwasha siku tatu baadaye, anahitaji tarehe. Ndiyo maana mjumbe wako aliuliza ni Jumamosi ipi. Na kwa sababu hiyo hiyo usiandike "kesho" wala "wiki hii": mtandao huushikilia ujumbe kwa muda mpaka simu iwashwe au iingie penye mawimbi, na katika vilima vya Mufindi hiyo "kesho" inaweza kusomwa keshokutwa. Kabla ya kutuma, fungua kalenda uhakikishe siku na tarehe zinakubaliana. Zikigongana, nusu ya wazazi watakuja siku moja na nusu siku nyingine, na kila mmoja atakuwa na ushahidi kwenye simu yake.

Saa 3 bila "asubuhi" ni hatari kwa sababu kuna saa 3 ya usiku. Hatari zaidi ni kunakili 9:00 kutoka kwenye ratiba ya kompyuta. Wako watakaosoma saa tisa alasiri, wakafika mkutano umekwisha.

Sentensi ya mwisho, "Siku hiyo hakuna mchango", ndiyo niliyoifikiria zaidi. Inaonekana inazungumzia jambo ambalo halipo, lakini pendekezo lenu limeshavuja kupitia wajumbe, na mzazi asiye na debe la mahindi mwezi Mei, kabla hajavuna, ataamua kutokuja ili asiaibike. Sentensi hiyo ya herufi 25 inamfungulia mlango. Mahindi yenyewe sikuyataja kwa jina, kwa sababu wazazi ambao hawajasikia lolote wangeanza kuuliza mahindi gani.

Sasa lile la kukatwa ujumbe sita, maana hapo unapoteza fedha bila kujua chanzo. Ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160. Ukizidi, mfumo unaugawa vipande vya herufi 153, kwa sababu nafasi kidogo inatumika kuviunganisha upya kwenye simu ya mpokeaji. Ujumbe wako mzima ulikuwa na herufi 390. Kwa hesabu hiyo ulipaswa kukatwa ujumbe tatu. Ulikatwa sita kwa sababu ya alama moja, iliyo kwenye maneno "watoto wa ng’ambo ya mto".

Tazama ile alama ya ng’ kwa makini. Umenakili kutoka kwenye waraka uliochapwa kwa kompyuta, na programu ya kuandikia huigeuza alama iliyonyooka ( ' ) kuwa iliyopinda ( ’ ). Iliyonyooka imo katika herufi za kawaida za ujumbe wa simu. Iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja tu, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi, ambako ujumbe mmoja unabeba herufi 70 tu, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. Gawa 390 kwa 67, utapata karibu sita. Kistari kirefu, alama za kunukuu zilizopinda, vitone vya orodha na vikatuni vya nyuso vinafanya vivyo hivyo.

Kuitambua ni rahisi. Unapoandika, angalia kihesabu cha herufi. Kama kilikuwa kinaonyesha umebakiwa na herufi zaidi ya mia, kisha ghafla kikaporomoka, herufi uliyoingiza sasa hivi ndiyo yenye tatizo. Kuibandika kwanza kwenye ukurasa mtupu wa kompyuta hakusaidii, maana alama iliyopinda inabaki imepinda. Ifute, uiandike upya kwa kidole ndani ya kisanduku cha ujumbe. Simu nyingine za kisasa nazo huipinda zenyewe unapoandika, kwa hiyo kiangalie kihesabu hata baada ya hapo. Njia ya uhakika ninayowashauri walimu ni kuuandika ujumbe kwenye kitochi: hakipindi kitu, na unauona kama mzazi atakavyouona.

Kwa wazazi 310, ujumbe wa vipande sita ni ujumbe 1,860. Ule wa herufi 151 ni 310. Na kuna faida nyingine nje ya fedha. Kitochi ambacho sanduku lake la ujumbe limekaribia kujaa kinaweza kukwama katikati ya vipande, mzazi akabaki na mwanzo usio na tarehe. Kipande kimoja kinaingia au hakiingii.

Kabla ya kuwatumia wote, jaribu kwa mtu ambaye hajui lolote kuhusu mkutano. Wajumbe wa kamati hawafai kwa jaribio hili, wanajua mno. Mpe mpishi au mlinzi wa shule asome kwenye simu yake, kisha muulize: ni siku gani, saa ngapi, wapi, na unakuja na nini? Usimuulize kama ameelewa. Kwa heshima aliyo nayo kwako atajibu "ndiyo, Mwalimu" hata kama hajaelewa. Akikujibu yote manne, tuma. Akikwama kwenye moja, rekebisha hilo hilo.

Fikiria pia nani atausoma. Namba mliyo nayo kwenye rejesta mara nyingi ni ya baba, na baba anaweza kuwa Makambako au Dar es Salaam kikazi. Atampigia mama na kumsomea. Bibi anayelea wajukuu atamwita mjukuu amsomee. Usiandike jambo la kumwaibisha mtoto kwenye ujumbe ambao huenda mtoto mwenyewe ndiye atakayeusoma kwa sauti. Ujumbe wa namna hii una uzuri mwingine: mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuutangaza ulivyo, na katekista akausoma kwenye matangazo ya Jumapili bila kuupunguza.

Tuma jioni, kati ya saa 12 na saa 2 usiku, watu wakiwa wamerudi kutoka mashambani. Tuma Jumapili ya kabla ya mkutano, halafu urudie Alhamisi kwa maneno yale yale. Ukibadilisha maneno mara ya pili, watu watadhani mkutano umebadilishwa.

Chakula kitakuwa na ujumbe wake baada ya mkutano, mkishakubaliana na muhtasari ukasainiwa. Tuseme mkutano umepitisha mahindi tu. Unaweza kuandika hivi:

S/M JINA: Ndugu mzazi, kikao cha 17/5 kimekubali mahindi debe 1 kwa mzazi, hadi Ijumaa 11/7. Mhazini wa kamati anapokea shuleni. Ukikwama, njoo tuongee.

Hapa sasa neno "kimekubali" lina haki ya kuwepo, na tarehe ya kikao imetajwa ili anayebisha ajue pa kwenda kuangalia. "Ukikwama, njoo tuongee" ndiyo iliyobeba ule upole wa waraka wako, pale ulipoandika aya nzima kuhusu wazazi wenye hali ngumu. Siku ya mkutano hakikisheni pia mmekubaliana debe ni lipi, lililosawazishwa au lenye kichuguu, kwa sababu ujumbe hautaweza kuwaamua.

Kama mkutano utaamua mchango wa fedha, usiandike kabisa namba ya simu ya mtu wa kutumiwa fedha. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa tapeli unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Mzazi mwangalifu ataupuuza wako, na tapeli atakayeuona atapata mfano wa kuiga. Andika kwamba maelekezo ya malipo yako shuleni na kwa wajumbe wa kamati wanaofahamika vijijini. Ukisikia kuna ujumbe wa kughushi kwa jina la shule, waambie wazazi waitume namba ya mtumaji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, nawe uwatumie wote kanusho usiku huo huo.

Kwenye faili la waraka ambatisha ujumbe uliotumwa neno kwa neno, tarehe na saa ya kuutuma, pamoja na orodha ya namba ambazo ripoti ya mfumo inaonyesha hazikupokea. Namba hizo wagawie walimu wa madarasa siku inayofuata asubuhi, kila mmoja awaulize watoto wake namba mpya ya nyumbani, na wale wasio na simu kabisa ndio wapelekewe barua ya karatasi kwa mkono wa mjumbe wa kitongoji chao.